Dumu Lipi Lifunguliwe Kwanza: kuthamini stoo na kutanguliza malighafi zinazokaribia kuisha muda wake katika karakana ndogo ya vipodozi

Jioni ya tarehe 31 Mei, mwaka juzi, tulipofunga kazi ili tuhesabu stoo ya karakana yetu hapa Nyakato, Mwanza, tulikuta tuna mizigo miwili ya mafuta ya alizeti. Mzigo wa kwanza ulipokelewa tarehe 10 Machi kutoka Singida, na ulikuwa umebaki kilo 16.8 ndani ya dumu lililofunguliwa siku tatu nyuma. Mzigo wa pili ulikuwa dumu moja zima lililoingia tarehe 22 Mei. Binti anayetunza stoo alikuwa amelisukuma dumu hilo jipya hadi nyuma kabisa, ukutani, kama nilivyomfundisha mwenyewe: kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Nilipolivuta mbele na kusoma lebo, nikaona kwamba dumu lililokuja juzi linaisha tarehe 31 Oktoba, ilhali lile la Machi linaisha tarehe 31 Desemba.

"Mama, hili si ndilo jipya?" akaniuliza.

"Jipya kwetu, mwanangu. Kwenye tarehe ni kuukuu."

Kanuni niliyomfundisha ilikuwa ya duka la vyombo. Ndoo ya plastiki iliyoingia Machi na iliyoingia Mei hazina tofauti yoyote, hivyo kutanguliza ya Machi kunatosha. Mafuta hayahesabu umri wake tangu siku yalipoingia kwako, bali tangu siku yalipokamuliwa, na dumu linaweza kukaa miezi mingi katika ghala la mwuzaji kabla hujaliona. Kwa malighafi zinazoisha, kanuni inayofaa ni kwamba kinachoisha kwanza ndicho kinachotoka kwanza, hata kama kimeingia mwisho. Mwongozo huu unafuata mafuta hayo ya alizeti kuanzia mlangoni hadi kwenye daftari la thamani, kwa sababu ndiyo malighafi inayochacha upesi kuliko zote tunazotumia, na anayeweza kuyasimamia hayo hatashindwa na siagi ya shea wala mafuta ya nazi.

Malighafi zipi zinahitaji ulinzi huu

Si kila kilichomo stoo kinastahili usumbufu uleule. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani ndiyo ya kwanza, kwa kuwa yana wingi wa asidi ya linoleiki, ambayo hushikana na hewa kwa urahisi. Siagi ya shea inayotujia kutoka kaskazini mwa Uganda na mafuta ya nazi kutoka pwani huvumilia zaidi. Nta ya nyuki ya Tabora hukaa miaka bila neno ikihifadhiwa pakavu. Vimiminika vyenye maji, kama utomvu wa mshubiri, vina hatari ya namna nyingine, kwa kuwa haviharibiwi na hewa tu bali na vijidudu, na chupa ikishafunguliwa huhesabiwa kwa siku badala ya miezi. Kostiki soda ya sabuni haina la kuchacha, lakini hunyonya unyevu na hewa hadi ikaganda mabonge na kupungua nguvu, hivyo huangaliwa mfuniko wake kuliko tarehe yake. Makopo, chupa na lebo za karatasi unaweza kuzihesabu kwa kanuni ya duka la vyombo, ukaishia hapo.

Tarehe ya lebo si tarehe yako

Kosa ninaloliona mara nyingi, hata kwa watu waangalifu, ni kudhani kwamba mafuta yanayoisha tarehe 31 Oktoba yana thamani kamili hadi tarehe 30 Oktoba. Sivyo. Mafuta ya mgando tunayotengeneza hayana maji. Ni shea, nazi, alizeti na nta vilivyoyeyushwa pamoja, na alizeti huendelea kuzeeka ndani ya kopo kama inavyozeeka ndani ya dumu. Kwa hiyo sisi hufuata desturi ya watengenezaji wadogo kwamba kopo lisipewe tarehe inayozidi ile ya kiungo kinachoisha kwanza. Ukimimina mafuta ya Oktoba mwezi wa Septemba, utapata kopo lenye uhai wa mwezi mmoja, na hakuna mwenye duka atakayelipokea.

Maduka tunayoyauzia mjini na yale ya Nansio, Ukerewe, hayachukui kopo lenye chini ya miezi minne mbele yake. Kati ya siku ya kumimina na siku ya kufikisha mzigo dukani hupita siku zisizozidi 15, zikiwamo za kupoza, kubandika lebo na kusubiri kivuko. Ukitoa miezi minne na siku 15 kutoka katika tarehe ya lebo, utapata tarehe ambayo hapa karakana tunaiita mwisho wa kumimina. Kwa dumu la tarehe 31 Oktoba, mwisho wa kumimina ni tarehe 15 Juni. Kwa mzigo wa tarehe 31 Desemba ni tarehe 16 Agosti. Hiyo ndiyo tarehe inayopanga foleni, na hiyo ndiyo tarehe inayoua thamani. Ile ya lebo ni ya kujua lini mafuta hayafai kwa lolote. Miezi yako huenda ikawa mitatu au sita kulingana na wateja wako, lakini usiipange kwa kubuni: waulize wanaokununulia.

Kuna kizuizi cha pili. Dumu likishafunguliwa, hewa huingia kila unapomimina, na kadiri mafuta yanavyopungua ndivyo nafasi ya hewa inavyoongezeka. Sisi tumejiwekea miezi miwili kwa alizeti tangu kufunguliwa, na tarehe inayotangulia kati ya hizo mbili ndiyo hushika. Dumu la Machi lililofunguliwa tarehe 28 Mei, kwa mfano, halikuwa tena na nafasi hadi tarehe 16 Agosti. Mwisho wake ulisogea hadi tarehe 28 Julai. Ndiyo maana mfunguo wa dumu unaandikwa siku hiyohiyo, na ndiyo maana hatufungui madumu mawili ya kitu kimoja kwa wakati mmoja isipokuwa kwa sababu kama ile iliyotukuta.

Anayetumia kompyuta au simu kuweka orodha anaweza kuiachia kazi hiyo. Ikiwa tarehe ya lebo iko safu ya C na tarehe ya kufungua iko safu ya D, andika hivi katika safu ya E, kisha upange orodha nzima kwa safu hiyo, ya karibu ikiwa juu:

```
=IF(D2="",EDATE(C2,-4)-15,MIN(EDATE(C2,-4)-15,EDATE(D2,2)))
```

Asiye na kompyuta asijione amepungukiwa. Kwa miaka kadhaa tulifanya hesabu hiyo kwa kalenda ya ukutani, na haikukosea hata mara moja pale ilipofanywa. Ilikosea pale ilipoahirishwa.

Kupokea mzigo

Dumu likifika, lisivuke kizingiti cha stoo kabla halijasomwa lebo. Ikiwa mwuzaji amekujazia mafuta kutoka pipa kubwa na dumu halina tarehe, dai tarehe ya kukamuliwa au nambari ya mzigo wa pipa hilo, uiandike mbele yake. Asipoijua, lichukulie dumu hilo kuwa ni la sabuni, na ulipe bei ya mafuta ya sabuni.

Kisha lipime. Alizeti huuzwa kwa lita, lakini fomula zote zinakwenda kwa gramu, na daftari linalochanganya vipimo viwili halitalingana na mizani kamwe. Lita moja ya alizeti ina uzito wa takriban kilo 0.92, hivyo dumu la lita 20 lina mafuta ya kilo 18.4. Pima dumu likiwa limejaa, na andika kwa kalamu isiyofutika uzito wa dumu tupu wa aina hiyo, ili siku ya kuhesabu stoo mtu apime dumu kama lilivyo na kutoa uzito wa plastiki, bila kumimina chochote.

Siku hiyohiyo tunachanganya vitamini E gramu 18 katika kila dumu, yaani karibu sehemu moja katika elfu. Hiyo hupunguza kasi ya kuchacha, lakini hairudishi mafuta yaliyokwisha kuchacha kuwa mazima, wala haituruhusu kusogeza tarehe mbele. Tunajaza pia kichupa kimoja cheusi hadi mdomoni, tunakiandika nambari ya mzigo, na kukiweka mahali penye ubaridi kuliko pote ndani ya jengo, chini, mbali na ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la jioni. Faida ya kichupa hicho itaonekana mbele.

Mwisho, bandika karatasi yenye mambo manne tu: nambari ya mzigo, gharama ya kilo moja, tarehe ya lebo, na mwisho wa kumimina kwa herufi kubwa zinazosomeka ukiwa mlangoni. Acha mstari mtupu wa tarehe ya kufungua. Tuliwahi kuandika mambo tisa kwenye karatasi hiyo, na hakuna aliyeisoma.

Kupanga na kutoa

Rafu yetu hupangwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa kufuata mwisho wa kumimina, na anayetoa mafuta huchukua la kushoto. Mzigo mpya ukiingia, hauwekwi palipo na nafasi. Unatafutiwa mahali pake katika foleni, hata kama ni lazima kuhamisha madumu matatu. Ni kazi ya dakika kumi ambayo kila mtu angependa kuifanya kesho.

Anayetoa huandika kwenye kadi ya stoo tarehe, kilo, na nambari ya mzigo mafuta yalikotoka. Nambari hiyo huhamia kwenye karatasi ya bechi, ili lebo ya kopo ipate tarehe sahihi, na ili siku mteja akirudisha kopo lenye harufu ujue ni makopo gani mengine yametoka katika dumu hilo. Bechi ikihitaji kilo nne na dumu lina kilo moja na nusu, unaweza kuchanganya mizigo miwili, lakini bechi nzima hubeba tarehe ya ule unaoisha mapema. Mimi huepuka jambo hilo kwa kupeleka mabaki madogo kwenye sabuni.

Pua na kijiko cha moto

Tarehe ni makadirio, na stoo iliyo chini ya bati inaweza kuyaharibu mafuta kabla ya siku yake. Kila Jumatatu, kabla ya bechi, mimina kijiko kimoja cha mafuta kwenye kikombe, kiweke juu ya maji ya moto kwa dakika mbili, kisha unuse. Fanya hivyohivyo kwa mafuta ya kichupa cheusi cha mzigo uleule. Mafuta yanayochacha hutoa harufu ya rangi ya mafuta iliyokauka, au ya karanga kuukuu zilizosahauliwa kwenye mfuko. Mpe mwenzako vikombe vyote viwili bila kumwambia kipi ni kipi. Akivitofautisha, dumu limekwisha, lebo iseme itakavyosema. Pua ya anayeshinda humo ndani kutwa nzima huzoea, na ndiyo sababu ya kichupa na ya mtu wa pili.

Usidanganywe na dalili zisizo za uharibifu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo hapa Mwanza huwa yameganda alfajiri na yamelainika mchana, wakati mwingine mara kadhaa kwa wiki, bila kupata dosari. Siagi ya shea iliyopoa polepole huwa na chembechembe kama sukari. Iyeyushe taratibu na uipoze upesi, zitaondoka. Niliwahi kukuta ndoo nzima ya shea imewekwa kando kama iliyoharibika kwa sababu hiyo tu, na ilikuwa na miezi kumi mbele yake.

Kuweka thamani

Sasa tufike kwenye daftari. Thamani ya malighafi huanzia kwenye gharama, na gharama si bei ya risiti pekee. Mzigo wetu wa Machi ulinunuliwa kwa shilingi 100,000 kwa dumu, nauli kutoka Singida ikawa shilingi 5,000 kwa dumu, na vitamini E ya gramu 18 shilingi 5,400. Jumla ni shilingi 110,400, ambazo ukizigawa kwa kilo 18.4 unapata shilingi 6,000 kwa kilo. Ikiwa hujasajiliwa kwa VAT, basi VAT uliyotozwa na usiyoweza kurudishiwa nayo ni sehemu ya gharama. Kodi ya pango la stoo, matangazo, na mafuta yaliyomwagika kwa uzembe havimo. Hivyo ni matumizi ya mwezi vilipotokea. Dumu la Mei, kwa hesabu hiyohiyo, lilitugharimu shilingi 119,600, yaani shilingi 6,500 kwa kilo.

Je, utumie bei gani unapotoa mafuta? Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu stoo, IAS 2, kinaruhusu kwa vitu vinavyofanana njia mbili: kilichoingia kwanza kihesabiwe kutoka kwanza, au bei ya wastani. Njia ya kuhesabu kwamba kilichoingia mwisho kimetoka kwanza hairuhusiwi. Ifahamike kwamba mpangilio wa rafu na mpangilio wa bei si lazima vifanane; unaweza kutoa dumu linaloisha kwanza huku daftari likitumia wastani. Kwa makopo na lebo mimi hutumia wastani. Kwa mafuta yenye tarehe hutumia bei ya mzigo wenyewe, kwa hoja kwamba madumu mawili yenye mwisho wa kumimina unaotofautiana kwa miezi miwili si kitu kimoja, na kwa sababu bei tayari imeandikwa kwenye karatasi ya dumu. Mhasibu wako akipendelea wastani, mkubalie, ila njia isibadilishwe kila mwaka ili faida ipendeze.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi. Kiwango hicho kinataka stoo iandikwe kwa gharama au kwa kile kitakachopatikana kwayo, chochote kilicho pungufu. Malighafi haishushwi bei ikiwa kopo litakalotokana nayo litauzwa kwa faida. Hushushwa pale isipoweza tena kuingia katika kopo hilo. Kwa hiyo, kwa kila dumu, jiulize swali moja tu: kilo ngapi zitamiminwa kabla ya mwisho wa kumimina? Hizo zinabaki na gharama yake kamili. Zinazosalia zipewe thamani ya kazi nyingine zinayoweza kuifanya, na zisipokuwa na kazi, ziandikwe sifuri.

Hesabu ya jioni ile

Bechi moja ya mafuta ya mgando hula kilo nne za alizeti, nasi hutengeneza bechi moja kwa wiki. Kuanzia tarehe 1 hadi 15 Juni tungeweza kufanya bechi mbili. Tukaliweka dumu la Mei mbele, hivyo kilo nane kati ya kilo zake 18.4 zingepata kumiminwa kwa wakati. Kilo 10.4 zingebaki. Mzigo wa Machi wenye kilo 16.8 ungeanza katikati ya Juni, utoe bechi nne, na kumalizika katikati ya Julai, kabla ya tarehe 28 Julai. Huo haukuwa na shida.

Zile kilo 10.4 zilikuwa bado nzima, hazina harufu yoyote, na zilikuwa na miezi mitano ya uhai wa lebo. Katika sabuni ya kipande, kostiki soda hugeuza mafuta kuwa kitu kingine, hivyo umri uliobaki hauna uzito kama katika kopo la mgando. Lakini sabuni nayo ina mipaka. Alizeti nyingi huilainisha, na huifanya itokwe na madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu baada ya miezi michache. Kwa hiyo hatuvuki sehemu 15 katika 100 za mafuta yote. Bechi ya sabuni yenye mafuta kilo 10 hupokea kilo 1.5 tu. Kwa bechi mbili kwa wiki, kilo 10.4 zingekwisha ndani ya bechi saba, yaani wiki tatu na nusu. Kiasi cha kostiki soda kilipigiwa hesabu upya, kwa kuwa alizeti huhitaji kidogo pungufu ya mawese ambayo alizeti hiyo imechukua nafasi yake. Mafuta yaliyokwisha kuchacha hayaingii humo hata kidogo. Hayo madoa ya chungwa ndiyo yangekuwa malipo yake.

Katika sabuni, kilo moja ya alizeti ilikuwa inatuokolea kilo moja ya mawese, ambayo wakati huo tuliinunua kwa shilingi 4,000. Hiyo ndiyo thamani yake mpya, si shilingi 6,500. Daftari la tarehe 31 Mei likaandikwa hivi: mzigo wa Machi kilo 16.8 kwa shilingi 6,000, ambazo ni shilingi 100,800. Dumu la Mei kilo 8 kwa shilingi 6,500, ambazo ni shilingi 52,000. Na kilo 10.4 kwa shilingi 4,000, ambazo ni shilingi 41,600. Jumla ni shilingi 194,400. Gharama zilikuwa shilingi 220,400. Tofauti ya shilingi 26,000 ni hasara ya mwezi Mei, na iliandikwa mwezi huo, si mwezi ambao mafuta yangetiwa kwenye sufuria ya sabuni.

Zile kilo 10.4 ziliandikwa kadi yake mpya yenye bei ya shilingi 4,000. Ukiiacha bei ya zamani, sabuni itaonekana ghali, na baada ya miezi miwili utaipandishia bei au utaacha kuitengeneza kwa kosa ambalo si lake. Lilikuwa kosa la ununuzi.

Kama tungeliacha dumu ukutani na kufuata kanuni ya kilichoingia kwanza, tungemaliza mzigo wa Machi mwishoni mwa Juni, na kilo zote 18.4 za dumu la Mei zingekuwa zimepitwa. Hasara ingekuwa shilingi 46,000. Na hiyo ni kama sabuni ingeweza kuyameza yote. Kwa karakana isiyotengeneza sabuni, hasara ni dumu zima.

Bidhaa zilizokwisha kutengenezwa na vilivyoharibika

Makopo hufuata hoja hiyohiyo. Tuseme kopo la gramu 100 limekugharimu shilingi 2,300, na lililobaki na miezi miwili linachukuliwa na mchuuzi wa Ukerewe kwa shilingi 2,500, huku nauli ya kulifikisha ikiwa shilingi 300. Unachopata ni shilingi 2,200. Liandike 2,200, si 2,300 wala bei ya zamani ya kuuzia.

Kinachoandikwa sifuri kisirudi kwenye rafu. Kipimwe, kipigwe picha na lebo yake, kiandikwe na watu wawili watie saini, kisha kitolewe stoo siku hiyo. Dumu lililofutwa daftarini lakini bado limesimama pembeni litamiminwa na mtu fulani siku mafuta yatakapopungua. Wala usiyamwage mtaroni, kwa kuwa mitaro yetu huishia ziwani.

Bei ya juu kabisa mbele ya mwuzaji

Hesabu yote hii ina faida kubwa zaidi ikifanywa kabla ya kulipa. Dumu la Mei nililinunua kwa haraka kwa mwuzaji wa jumla ambaye sitamtaja, siku tuliyodhani alizeti inakaribia kwisha. Kama ningesoma lebo palepale, ningeona kwamba kutoka tarehe 22 Mei hadi 15 Juni ningepata bechi tatu, sawa na kilo 12, na hata hivyo kwa sharti la kuliweka kando dumu la Machi. Kilo 6.4 zingekwenda kwenye sabuni. Kilo 12 kwa shilingi 6,000, bei niliyozoea kuilipa, ni shilingi 72,000, kilo 6.4 kwa shilingi 4,000 ni shilingi 25,600. Dumu lile, pamoja na nauli na vitamini yake, kwangu lilikuwa na thamani isiyozidi shilingi 97,600, nami nililigharimia shilingi 119,600. Siku hizi hesabu hiyo huifanya nyuma ya risiti nikiwa bado nimesimama kaunta, na mara mbili mwuzaji ameshusha bei alipoonyeshwa tarehe yake mwenyewe.